Nusu ya elfu ya sekunde: jinsi mkono wa Farisi ulivyopimwa

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokuja na sare zenu jioni hii, hamjambo. Nashukuru kwa kuitikia mwaliko.

Nianze na swali nililoulizwa darasani. Nilikuwa nimebandika ukutani ile picha ambayo wengi wenu mmeiona: galaksi yetu, Njia Nyeupe, imetazamwa kutoka juu, ina mikono iliyojipinda kama ganda la konokono, na pembeni kidogo kuna mshale mdogo unaoonyesha Jua letu lilipo. Msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alitoka nje akaipiga?"

Hakuna aliyetoka. Ile si picha, ni mchoro. Chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote tulivyorusha, Voyager 1, kiliondoka duniani mwaka 1977, na mpaka leo hakijafika hata umbali ambao nuru huutembea kwa siku mbili. Galaksi yenyewe upana wake ni takriban miaka ya nuru 100,000. Hakuna atakayetoka nje, si sisi wala vitukuu vyetu. Kwa hiyo swali la msichana yule linageuka kuwa gumu zaidi: kama hakuna aliyetoka, mchoraji alijuaje mikono iko wapi?

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, na nitalitazama kupitia wingu moja tu la gesi, kwa sababu wingu hilo limewagombanisha wataalamu kwa miaka mingi, na ugomvi ulipokwisha tukawa tumepata njia ya kuchora ramani yote.

Fikirini mtu amesimamishwa katikati ya Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Haruhusiwi kusogea hata hatua moja, wala kupanda ghorofani. Anaambiwa achore mitaa. Watu anawaona, vibanda anaviona, lakini vyote vimepangana mbele ya macho yake kama pazia moja. Kibanda cha hatua kumi na kibanda cha hatua mia vinaonekana bega kwa bega. Mtu huyu akijua kila kibanda kiko upande gani, bado hajui kitu. Akijua pia kila kibanda kiko umbali gani, amemaliza: anaweka nukta moja moja kwenye karatasi, na mitaa inajitokeza yenyewe. Upande tunaupata bure, tunaelekeza darubini tu. Kazi yote ya kuchora Njia Nyeupe ni kazi ya kutafuta umbali.

Umbali wa kwanza ulipatikana kwa mwanga wa kawaida. Mwaka 1951 Mmarekani William Morgan na wenzake walichagua nyota kubwa za buluu. Nyota hizi huwaka kwa nguvu na kufa mapema, baada ya miaka milioni kadhaa tu, kwa hiyo hazipati muda wa kutangatanga mbali na mahali zilipozaliwa, na nyota huzaliwa ndani ya mikono. Ukiijua nyota kwa aina yake, unajua inawaka kwa nguvu kiasi gani. Ukilinganisha na jinsi inavyoonekana hafifu, unapata umbali, kama unavyokisia pikipiki iko mbali kiasi gani usiku kwa kuitazama taa yake. Morgan akaweka nukta zake, na vikatokea vipande vya mikono mitatu karibu na Jua. Alipovionyesha kwenye mkutano wa wanaastronomia mjini Cleveland, Desemba mwaka huohuo, watu walisimama kumpigia makofi.

Lakini vilikuwa vipande vifupi, kwa sababu ya vumbi. Mawingu ya vumbi yamelala katika bapa la galaksi, na ndiyo ile mipasuko myeusi mnayoiona ndani ya ule ukanda mweupe mkiwa kijijini ambako hakuna taa. Kuelekea kitovu cha galaksi vumbi ni zito kiasi kwamba katika chembe trilioni moja za nuru ya kawaida zilizoanza safari, inayotufikia ni kama moja. Hata Gaia, chombo cha Ulaya kilichorushwa Desemba 2013 na kupima umbali wa nyota zinazokaribia bilioni moja na nusu, kiligonga ukuta huohuo. Kilipima ujirani wetu vizuri ajabu, lakini hakikuona nyuma ya pazia.

Mawimbi ya redio hayajali vumbi. Yanapita kama sauti inavyopita kwenye ukuta wa makuti. Na katika mwaka uleule wa 1951, mwezi wa Machi, Ewen na Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa kwenye dirisha la maabara pembe kubwa iliyotengenezwa kwa mbao, wakaielekeza angani, wakainasa sauti ya hidrojeni baridi iliyotapakaa katika galaksi nzima: wimbi la sentimita 21. Mholanzi van de Hulst alikuwa ametabiri tangu 1944 kwamba wimbi hilo lazima liwepo.

Sasa gesi inasikika kutoka kila pembe, lakini wimbi halikuletei umbali. Linakuletea mwendo. Mnajua honi ya basi la mkoani: likija sauti inapanda, likikupita inashuka. Wimbi la hidrojeni nalo hufanya hivyohivyo, na ukipima limepanda au kushuka kiasi gani unajua gesi inakusogelea au inakukimbia kwa kilomita ngapi kwa sekunde. Wataalamu wakafikiri hivi: gesi yote inazunguka kitovu cha galaksi, karibu kwa duara. Tukijua kila duara lina mwendo gani, basi mwendo tuliopima utatuambia gesi iko kwenye duara lipi, na hapo umbali unatoka. Waholanzi walitumia dishi la rada la Wajerumani lililobaki baada ya vita, lenye upana wa mita saba na nusu, huko Kootwijk. Waaustralia wakapima anga ya kusini kutoka Sydney. Mwaka 1958 Oort, Kerr na Westerhout wakatoa ramani ya galaksi nzima.

Nzima, ila imekatwa vipande kama keki. Kuelekea kitovu, na kuelekea upande ulio kinyume kabisa na kitovu, gesi yote inakatiza mbele yetu. Haisogei kwetu wala haitukimbii, kwa hiyo honi haibadiliki, na ramani ikabaki tupu. Kuna na tatizo jingine: ndani ya duara la Jua, mstari mmoja wa kutazama hulikata duara moja mara mbili, mbele na nyuma, na sehemu zote mbili zina mwendo uleule. Gesi iko karibu au iko mbali? Wimbi halisemi.

Haya mawili yalijulikana mapema, na mtu akiujua udhaifu wa kipimo chake anaweza kuishi nao. La tatu ndilo lililokuwa baya, kwa sababu lilijificha: je, kama gesi haizunguki kwa duara safi?

Hapo ndipo linapoingia wingu letu. Linaitwa W3(OH), na liko kwenye kundinyota la Kasiopea. Kutoka hapa Dar es Salaam, katikati ya Desemba, mida ya saa tatu usiku, nyoosheni mkono kuelekea kaskazini, mpange ngumi mbili juu ya upeo wa macho. Liko hapo, ingawa kwa macho hamtaliona. Ndani yake kuna nyota nzito ambayo bado imefunikwa na gesi iliyoizaa. Wingu hili limo katika mkono unaoitwa mkono wa Farisi, ambao ndio mkono wa kwanza unaoukuta ukitoka kwenye Jua kuelekea nje ya galaksi.

Watu wa nyota walipima nyota za buluu zilizo jirani na wingu hili, wakasema: miaka ya nuru 7,200 hivi. Watu wa redio walipima mwendo wake, wakakuta linatusogelea kwa kilomita 45 hivi kwa sekunde, wakapiga hesabu ya duara, wakasema: miaka ya nuru 14,000. Tofauti ni mara mbili! Na si wingu moja tu. Mkono mzima wa Farisi ulikuwa na umbali mbili, kutegemea unamuuliza nani. Ukiweka nukta zako kwa hesabu ya mwendo, mkono unasogea mpaka mahali ambapo hapana mkono. Kila kambi ilikuwa na sababu nzuri, na mabishano hayangeweza kuisha kwa maneno. Kilihitajika kipimo kisichokisia nguvu ya taa wala kisichokisia duara.

Naomba kila mmoja anyooshe mkono mbele, ainue kidole gumba. Fumba jicho la kushoto, tazama kidole kimekaa wapi kwenye ukuta kule nyuma. Sasa fumba la kulia, fungua la kushoto. Kimeruka, sivyo? Kisogeze kidole karibu na pua, urudie. Kimeruka zaidi. Kuruka huko kunaitwa paralaksi, na ndicho kipimo safi kuliko vyote, kwa sababu kinahitaji vitu viwili tu: umbali kati ya macho yako mawili, na pembe ya kuruka. Kwa wanaastronomia, jicho moja ni Dunia ilipo leo, na jicho la pili ni Dunia itakapokuwa miezi sita ijayo, upande wa pili wa Jua. Kati ya macho hayo pana kilomita milioni 300.

Ni macho yaliyoachana sana, lakini kwa W3(OH) ni kama hayajaachana. Digrii moja ya pembe ina dakika 60, dakika ina sekunde 60. Paralaksi ya wingu hili, ambayo kwa wanaastronomia huhesabiwa kuwa nusu ya kuruka kote, ni kama nusu ya elfu moja ya sekunde ya pembe. Chukueni sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu, mtu akaishike kilomita 10,000 kutoka hapa, kupita hata Beijing. Upana wa sarafu hiyo, ukiutazama kutoka hapa, ndiyo pembe yenyewe. Na haitoshi kuiona, inabidi uipime kwa usahihi wa asilimia chache.

Kwanza unahitaji kitu kidogo na king'avu cha kupima, maana wingu lenyewe ni kubwa na halina ukingo. Huwezi kusema moshi umesogea nusu ya unywele. Hapa maumbile yametusaidia. Karibu na nyota changa nzito, molekuli za maji na za methanoli hupata joto na mnururisho kwa namna ambayo huyakuza mawimbi ya redio yanayopita, kama leza inavyokuza mwanga. Zinaitwa maseri. Maseri moja ni nukta ndogo mno, kiasi cha umbali wa Dunia na Jua au mara chache zaidi yake, lakini inang'aa kwa redio kuliko kila kitu kilicho jirani nayo. W3(OH) imejaa nukta kama hizo. Ni kama wingu limetobolewa kwa sindano, na kila tundu linatoa mwanga.

Pili unahitaji jicho kali. Ukali wa darubini unategemea upana wake ukilinganisha na urefu wa wimbi, na mawimbi ya redio ni marefu, kwa hiyo dishi moja halitoshi hata likiwa kubwa namna gani. Marekani wana mtandao uitwao VLBA: dishi kumi, kila moja mita 25, kuanzia mlima Mauna Kea huko Hawaii mpaka kisiwa cha Mtakatifu Kroi katika Karibi. Kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 8,600. Kila dishi hurekodi wimbi peke yake, na kila sehemu ya rekodi inapigwa muhuri wa muda kwa saa ya atomu. Kisha diski husafirishwa hadi Socorro, New Mexico, rekodi zote zikapangwa zikalingana, na dishi kumi zikawa kama jicho moja lenye upana wa nusu ya Dunia na zaidi. Wajapani nao wana mtandao wao, VERA, wa vituo vinne.

Tatu, na hapa ndipo kazi inapoharibika mara nyingi, unahitaji ukuta wa nyuma. Kidole chako kiliruka ukilinganisha na ukuta. Ukuta wa wanaastronomia ni kwasa, vitovu ving'avu vya galaksi nyingine vilivyo mbali kiasi kwamba havisogei. Unachagua kwasa iliyo jirani na maseri angani, dishi zote kumi zinatazama maseri, zinageuka kwenye kwasa, zinarudi kwenye maseri, huku na huko kwa saa kadhaa, na kila zamu ni chini ya dakika moja.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu ya mvuke wa maji hewani. Mvuke ulio juu ya dishi moja unaweza kurefusha njia ya wimbi kwa sentimita kadhaa kuliko ulivyokadiria, na wimbi lenyewe la methanoli wanalolipima hapa lina sentimita mbili na nusu tu. Dishi linadhani maseri imesogea, kumbe ni unyevu uliopita juu ya Hawaii. Ukitazama kwasa ya jirani muda uleule, mvuke unazisogeza zote mbili pamoja, na tofauti kati yao inabaki salama. Salama kiasi, si kabisa, kwa kuwa hewa ya mahali palipo digrii moja pembeni si ileile. Ndiyo maana hutumiwa kwasa zaidi ya moja, kila moja upande wake. Maseri ileile ikipimwa kwa kwasa ya kushoto na ya kulia, na majibu yakaachana, basi unajua hewa imekuchezea.

Mimi kuna ukaguzi mmoja ninaoupenda kuliko wote. Maseri ikifuatiliwa mwaka mzima, njia yake angani inafanana na alama ya nyoka mchangani: inakwenda mbele kwa mwendo wake yenyewe ndani ya galaksi, huku ikiyumba kushoto na kulia kwa sababu Dunia inazunguka Jua. Sasa, mwendo wa mbele hatujui mapema. Lakini kuyumba kule kunajulikana tarehe zake. Tunajua siku ambayo lazima maseri ifike mwisho wa upande wa mashariki, na siku ambayo lazima ifike mwisho wa magharibi, kwa sababu tunajua Dunia iko wapi. Kitu kimoja tu hakijulikani, nacho ni ukubwa wa kuyumba. Hewa mbaya inaweza kuisukuma nukta, lakini haiwezi kuisukuma kwa kalenda ya Dunia. Na kama kuna nukta kumi za maseri katika wingu moja, zote zinaweza kuwa na mwendo wao mbalimbali, lakini zote lazima ziyumbe kwa kiasi kimoja, siku zilezile. Nukta ikizimika katikati ya mwaka, na maseri za maji hasa zina tabia hiyo, basi imepotea na kipimo chake kimepotea nayo.

Mwaka 2006, Ye Xu wa China, Mark Reid wa Marekani na wenzao walitoa matokeo ya maseri za methanoli za W3(OH). Paralaksi: elfu moja ya sekunde mara 0.512, na uwezekano wa kukosea ni 0.010. Tupige hesabu pamoja, maana ni rahisi. Ili kupata miaka ya nuru unachukua 3.26, unagawa kwa paralaksi katika sekunde. 3.26 gawa kwa 0.000512 ni karibu 6,370. Kosa ni asilimia mbili, yaani miaka ya nuru 130 hivi kila upande. Mwaka huohuo kundi jingine lililoongozwa na Hachisuka likatoa kipimo cha maseri za maji za wingu hilohilo, wimbi tofauti kabisa, likapata jibu linalokaribiana sana.

Basi watu wa nyota walikuwa karibu na ukweli, na hesabu ya mwendo ilikuwa imekosea zaidi ya mara mbili. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakikuishia kusema nani amekosea, kilisema pia kwa nini. Ukishajua umbali, na unao mwendo wa pembeni kutoka kwenye ile alama ya nyoka, na unao mwendo wa kuja na kwenda kutoka kwenye honi, unapata mwendo kamili wa wingu. W3(OH) haiendi kwa duara. Inazunguka polepole kuliko inavyopaswa, na wakati huohuo inaangukia kuelekea kitovu. Ukijumlisha, imeachana na duara kwa kilomita 22 hivi kwa sekunde. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mkono wenyewe una uzito wake, na gesi inapoingia ndani yake huvutwa ikatoka kwenye njia. Yaani kitu kilichokuwa kinatafutwa, mkono, ndicho kilichokuwa kinaharibu rula iliyotumika kukitafuta. Nikifikiria miaka yote ya ramani zilizochorwa kwa rula ile, nawahurumia wale watu, na nawaheshimu pia, kwa sababu walichora kwa uaminifu kile walichokuwa nacho.

Baada ya hapo kazi ikawa ya subira. Wingu moja baada ya jingine, kila moja mwaka mzima. Mpaka mwaka 2019 Reid na wenzake walikuwa wamekusanya paralaksi za maseri 200 hivi kutoka VLBA, VERA na mitandao mingine. Nukta hizo zikiwekwa kwenye karatasi zinajipanga zenyewe katika mistari iliyopinda: mikono mikubwa minne. Kutoka kwenye mwendo wa nukta hizohizo wakapata umbali wetu kutoka kitovu, miaka ya nuru 26,600 hivi, na mwendo wa galaksi kuzunguka hapa tulipo, kilomita 236 kwa sekunde. Na sisi wenyewe? Tuliambiwa muda mrefu kwamba Jua limekaa kwenye kijitawi kidogo kati ya mikono ya kweli. Maseri zikaonyesha kwamba kijitawi hicho ni kipande kirefu cha mkono, karibu miaka ya nuru 20,000, kimejaa nyota zinazozaliwa kama mikono mingine.

Kijana mmoja pale mbele anaonekana ana swali, nadhani nalijua: na upande wa pili, nyuma ya kitovu? Huko paralaksi ni ndogo mno. Lakini Oktoba 2017 Alberto Sanna na wenzake walitangaza kipimo cha wingu linaloitwa G007.47+00.05, lililo katika mkono wa Ngao na Kantarusi. Paralaksi yake ni elfu moja ya sekunde mara 0.049, na kosa ni 0.006. Gawa tena 3.26: miaka ya nuru karibu 66,500. Nuru hiyo imepita nyuma ya kitovu ikaja kwetu. Angalieni lakini jinsi kosa linavyofanya kazi sasa. Kule kwa Farisi lilikuwa asilimia mbili. Hapa ni zaidi ya asilimia kumi, na wingu linaweza kuwa popote kati ya 59,000 na 76,000. Kwa hiyo waliegemea ushahidi wa pili: vitu vilivyo nyuma ya kitovu vinazunguka kwenda upande ulio kinyume na wetu, na mwendo wa pembeni wa maseri zile unaendana na hilo. Mkono wa Ngao na Kantarusi ukafuatiliwa hivyo mpaka ng'ambo, ukikamilisha karibu mzunguko.

Hiyo ni nukta moja katika eneo kubwa. Mkiitazama ramani ya 2019 bila zile rangi za mchoraji, nukta peke yake, mtaona imeegemea upande mmoja. Robo nzima ya galaksi ni karibu tupu, na sababu yake si vumbi wala mwendo. Ni kwamba VLBA na VERA ziko kaskazini mwa Dunia, na robo hiyo huonekana vizuri kutoka kusini. Ni ile sehemu ya Njia Nyeupe inayopita kwenye Msalaba wa Kusini na Kantarusi, sehemu ambayo kwetu hapa huonekana vizuri na ambayo watu wengi wa Ulaya hawaioni kamwe. Mikono imechorwa hapo kwa kuendeleza mistari ya upande mwingine na kwa kurudi kwenye hesabu ya mwendo, ileile iliyokosea kwa Farisi.

Waaustralia wameanza kuijaza, kwa dishi za Hobart, Ceduna, Katherine na Yarragadee, wakipima maseri za methanoli na kuzizungushia kwasa pande zote ili kuidhibiti hewa. Na bara letu lina dishi lake kubwa Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Kisha kuna mpango wa kuunganisha dishi za Afrika ziwe mtandao mmoja. Kenya ni mojawapo ya nchi nane zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango huo. Ghana ndiyo iliyotangulia. Huko Kuntunse, nje ya Akra, palikuwa na dishi la simu za kimataifa lenye upana wa mita 32, ambalo halikuwa na kazi tena baada ya nyaya za baharini kufika. Wakalitengeneza upya, na mwaka 2017 likazinduliwa kama darubini redio. Miongoni mwa vitu vya kwanza lilivyovinasa angani vilikuwa maseri za methanoli.